Mrejesho: mshahara ulioenda kwenye akaunti niliyoifunga

Niliuliza hivi: "Nimefunga akaunti, mshahara ukatumwa hukohuko. Benki wanasema hawana hela, kazini wanasema wameshalipa. Hela iko wapi?"

Haya wakuu, imepatikana, na ilikuwa kazini muda wote! Benki yangu ya zamani haikuweza kuiingiza kwenye akaunti iliyofungwa, ikakaa kidogo kwenye akaunti yao ya kusubirishia halafu wakairudisha kwa benki ya mwajiri, so kweli hawakuwa nayo. Kosa lilikuwa kwa mhasibu wetu hapa Kampala, yeye aliangalia tu hela zilizotoka, faili la mishahara limepita basi kwake nimelipwa.

Nikamwomba tufungue steitimenti ya kampuni siku za baada ya malipo, upande wa zinazoingia. Tukashuka mstari kwa mstari, tukaikuta 742,000 imeandikwa RETURN - ACCOUNT CLOSED, jina langu halipo kabisa, kiasi tu ndo kimetujulisha (bahati nzuri hakuna mwenzangu anayelipwa hivohivo). Alikuwa ameiweka kwenye mapato ambayo hayajajulikana, eti anasubiri mteja ajitokeze lol.

Kilichorudi ni neti tu, makato ya kodi na NSSF hayarudi, kwa hiyo nikamwambia asinipitishe upya kwenye peirol atanikata mara mbili. Nikaandika barua na akaunti mpya, akatuma neti peke yake, jana imeingia.