Boksi la sabuni ya mawese: mkanda, vifuniko vya upande mmoja au vifuniko vya kupishana? Na ramani yake naichoraje

SabuniMwanga (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Natengeneza sabuni za mawese hapa Mwanga, mpaka sasa nazifunga kwenye nailoni na stika, sasa kuna duka la zawadi Dar wametaka ziwe kwenye boksi la kadi la kukunja. Kipande kikiwa kimekauka ni 80 kwa 55 kwa 25 milimita. Nimeona aina tatu, ya kwanza mkanda tu unazunguka sabuni na juu na chini kuko wazi, ya pili boksi lenye vifuniko viwili vyote vimeshikana na uso wa mbele, ya tatu kifuniko cha juu kimeshikana na mgongo na cha chini kimeshikana na mbele yaani vinapishana. Nachora kwenye Inkscape, kuchapa nitachapisha Dar kwenye shiti ya SRA3, ati kadi ya gramu 300. Ipi itanifaa na vipimo naviwekaje? Picha za maua na jina la sabuni tayari ninazo.

kadi300
Chukua ya kupishana usijiulize mara mbili, inakula karatasi kidogo, viwanda vingi ndio wanatumia hiyo. Halafu usisahau blidi, yaani ile rangi ya ziada inayovuka laini, weka milimita 3 kila upande wa kila uso, mbele, mgongo, ubavu, vyote, la sivyo utaona weupe kwenye mikunjo.

FundiKrizi
Kadi300 hapo kwenye karatasi uko sawa ila kwenye blidi umempoteza dada (au kaka samahani). Blidi unaweka pale kisu kinapopita, kwenye kingo za nje. Kwenye mkunjo hakuna kisu, nyuso mbili zimeungana, ukiweka blidi kati ya mbele na ubavu picha moja itapanda juu ya nyingine milimita 3 na utashangaa ua linatokea upande usio wake.

Sasa SabuniMwanga twende kwenye sabuni yako. Kwanza nakuuliza hivyo vipimo umepima baada ya kukauka wiki ngapi? Maana sabuni ya baridi ikitoka kwenye kalibu bado ina maji mengi na inasinyaa, ukichora kwa kipimo cha wiki ya kwanza boksi litakuja kupwaya.

SabuniMwanga
Wiki sita mkuu. Na nilipima vipande kama kumi hivi nikachukua kile kikubwa maana nakata kwa waya na havilingani.

FundiKrizi
Safi, hapo umefanya la maana, wengi wanapima kimoja kizuri. Basi ongeza milimita 2 kila kipimo, kwenye mchoro iwe 82 kimo, 57 upana wa mbele, 27 unene. Ongezeko hilo ni kwa ajili ya unene wa kadi, ya gramu 300 ni kama milimita 0.4, na karatasi ya nta utakayoizungushia sabuni, na hiyo nta usiiruke maana mawese yatatoa doa kwenye kadi hata kama sabuni unaiona kavu.

Chora ukiwa unaangalia upande wa nje, ule unaochapwa. Kutoka kushoto: sikio la gundi 12, mbele 57, ubavu 27, mgongo 57, ubavu wa mwisho 26.5. Huo wa mwisho nimeupunguza nusu milimita makusudi, kwa sababu ndio unaokuja kulala juu ya sikio la gundi na ukiwa 27 kamili ukingo wake utachungulia nje ya kona, utausikia kwa kidole. Jumla 179.5. Kwenda juu: mwili 82, kifuniko 27, halafu ulimi wa kuchomeka 12 wenye kona za mviringo. Chini hivyo hivyo. Jumla 160. Kwenye mbavu mbili weka masikio madogo ya kufunika vumbi, 18 yanatosha, yachongoe kidogo kwenye mzizi yasigombane na kifuniko.

Sasa kwa nini kupishana kunaokoa karatasi. Ukiweka boksi mbili moja juu ya nyingine, kifuniko cha chini cha lile la juu kinashuka kwenye safu ya mbele, na kifuniko cha juu cha lile la chini kinapanda kwenye safu ya mgongo, kwa hiyo vinaingiliana kama meno ya zipu. Mbili zinachukua 287 pamoja na blidi za kati yake, ukiongeza blidi za nje 293, shiti ya SRA3 ina 320, na kwa upana zinaingia mbili. Hapo una boksi nne kwa shiti. Zile za vifuniko vya upande mmoja vinagongana kichwa kwa kichwa, unapata mbili tu.

Mjukuu wa Ujiji
Mbili kama hujageuza. Geuza moja kichwa chini na hizo za upande mmoja nazo zinaingia nne, mimi nimezipanga hapa.

FundiKrizi
Nimepiga hesabu yako mkuu, inafika kama 311 na blidi zake. Kwenye 320 unabakiwa na milimita nne na nusu kila upande na mashine lazima ishike karatasi mahali, kuna mashine itakubali na kuna itakayokata rangi ya ukingoni. Aulize kwanza huko Dar eneo la kuchapa ni kiasi gani kabla hajapanga.

Mjukuu wa Ujiji
Haya lakini uzuri je? Ya upande mmoja, vifuniko vyote vimeshikana na mbele, mteja akiangalia kwa mbele anaona mkunjo laini juu na chini. Hiyo ya kupishana kwa juu mbele unaona ukingo mweupe wa kadi ilipokatwa. Kwa duka la zawadi mimi ningelipia karatasi.

Asali_Tbr (Tabora)
Mimi nina chupa za asali za nusu kilo nilitumia hiyo ya ulimi wa kuchomeka, muuzaji akishika kwa juu chupa inadondoka chini yote. Dada usitumie hiyo kabisa tafuta ile ya chini inayojifunga yenyewe.

kadi300
Asali sabuni ya gramu mia hivi na chupa ya nusu kilo wapi na wapi 😅

Asali_Tbr
Aa kumbe sabuni ndogo. Basi sawa ila kwa asali msinicheke, na mimi nitafungua uzi wangu.

SabuniMwanga
Asanteni sana. Nimechora ya kupishana kwa vipimo vya FundiKrizi. Swali, jina la sabuni nataka liwepo pia juu ya kifuniko, nimeliweka kama lilivyo mbele limesimama vizuri, kuna tatizo?

FundiKrizi
Lipo na ndilo linalowakamata wengi. Kifuniko chako cha juu kimeshikana na mgongo. Kikikunjwa kinakuja mbele, maana yake ule ukingo ambao kwenye mchoro uko juu kabisa ndio utakuwa karibu na mteja. Maandishi yaliyosimama vizuri kwenye mchoro yatasomeka kichwa chini akishika boksi. Yageuze nyuzi 180. Ingekuwa kimeshikana na mbele yangebaki yamesimama, hapo Mjukuu wa Ujiji ana pointi nyingine ya bure.

Usiniamini kwa maneno. Boksi lote ni 179.5 kwa 160, linaingia kwenye A4. Chapa hapo hapo steshenari kwenye karatasi ya kawaida, kwenye printa chagua `Actual size` na si `Fit`, halafu pima kwa rula uso wa mbele, ukisoma 55 badala ya 57 ujue printa imepunguza. Kata, kunja kwa kalamu ya biki iliyoisha wino na rula, weka sabuni ndani, kisha ligeuze geuze usome kila upande.

neema_dizaini
Niongeze kwenye kupanga picha maana hapo ndipo kazi zangu nyingi zinaporudi. Weka tabaka tatu kwenye faili, la chini picha, la kati maandishi, la juu laini za kukata na kukunja, kisha lifunge lisisogee. Maandishi yakae milimita 3 au zaidi mbali na laini yoyote, ya kukata na ya kukunja pia. Na kama mbele ni kijani na ubavu ni krimu usibadilishe rangi juu ya mkunjo hasa, kukunja hakuangukii pale pale kila boksi, leo kijani kinaingia ubavuni nusu milimita kesho krimu inaingia mbele. Vusha kijani kama milimita moja ubavuni au acha ua lizunguke kona.

Sikio la gundi liache tupu, wino na gundi havielewani, ila rangi ya mbele ivuke iingie sikioni milimita 2 au 3 ili pasionekane weupe kwenye kona. Ulimi nao hauhitaji picha, rangi tu.

Bakodi utaweka? EAN-13 ukiipunguza mpaka asilimia 80 bado ina upana karibu 30 pamoja na weupe wake wa pembeni, ubavu wako ni 27. Usiibane. Ilaze kwa urefu wa boksi ubavuni inaingia bila shida, au ipeleke mgongoni.

Kuhusu Inkscape, kwenye Illustrator ningekwambia laini zipe rangi ya `Spot Color` na uweke tiki `Overprint Stroke` ili zisitoboe picha chini yake, CorelDRAW nayo ina `Overprint Outline`. Inkscape PDF yake inatoka RGB na hiyo kitu haina. Kwa hiyo toa PDF mbili za saizi ile ile, moja picha bila laini, moja laini bila picha, na umwambie mchapaji. Kijani chako cha kwenye skrini kitapoa kidogo kikichapwa, omba shiti moja ya mfano. Na WhatsApp tuma kama dokyumenti, si picha.

SabuniMwanga
Dada neema ubarikiwe, bakodi sikuwaza kabisa. Na mkanda je mbona hakuna anayeusema?

Mjukuu wa Ujiji
Mkanda ni 180 kwa 82 tu, SRA3 moja inatoa sita, na mteja anapata harufu bila kufungua. Kasoro yake sabuni yako ikisinyaa zaidi dukani inateleza inatoka, na kama ulivyosema unakata kwa waya, kipande chembamba hakitakaa.

FundiKrizi
Kweli. Kwa mkanda ongezeko liwe milimita 1 na si 2, na vipande vilingane.

kadi300
Hamjasema nyuzi za karatasi zielekee wapi. Mimi nakunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unatoka laini haupasuki.

FundiKrizi
Kwa kadi ya mwaliko sawa. Kwa boksi mimi nataka nyuzi zizunguke boksi, zikatize ile mikunjo minne ya wima, uso wa mbele usifure tumbo. Mkunjo ukipigwa mfereji kwanza haupasuki.

neema_dizaini
Mkuu rangi ya mashine za toner inapasuka hata ukipiga mfereji, nimeona kijani kizito kikivunjika kote kwenye kona. Kwa rangi nzito mimi nipo na kadi300, au alipie lamineti.

FundiKrizi
Lamineti kwenye boksi 200 bei yake si mchezo. Afanye mfano wa nyuzi za pande zote mbili aone tumbo na mpasuko kipi kinamkera zaidi.

SabuniMwanga
Nimechapa ya A4 sasa hivi, mbele inasoma 57, jina la juu linasomeka. Ulimi wa chini umekaza kuingia ila ni karatasi laini. Kesho naomba Dar shiti mbili, moja nyuzi zimelala moja zimesimama, na nawauliza mashine yao inachapa mpaka wapi. Mjukuu wa Ujiji, nitumie huo mpangilio wako wa kugeuza nao niwaonyeshe.