Tupeane uzoefu: ripoti ya atachimenti jikoni, kazi ya kupoza wali

Dafu la Kisauni
Mnaoandika ripoti ya atachimenti ya jiko la hoteli, ukiandika "nilijifunza usafi wa chakula" msimamizi atakuandikia pembeni: fafanua. Tuchukue kazi moja tu: kupoza wali wa nazi uliobaki jikoni baada ya chakula cha mchana. Uelezwe vipi?

Mwiko Mrefu
Anza na sufuria. Wali mwingi ukiachwa humo, juu unapoa upesi, katikati unabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na huo uvuguvugu ndio unaoziamsha. Kwa hiyo wali ushuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine.

Uchote kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Weka trei juu ya barafu, usizibandike moja juu ya nyingine, wala usizifunike kwa kubana mvuke ungali unatoka. Pima katikati, si pembeni.

Kwenye ripoti weka vipimo: saa 8:30 mchana nyuzi 60, saa 9:30 nyuzi 36, saa 10:15 nyuzi 21, ingiza kwenye friji. Ikiwa saa 10:30 bado ni 28, unatupwa. Hilo nalo liandike, usilifiche.

Mama Chapo
Yote hayo ya nini? Kesho ukipashwa mpaka utoe moshi, bakteria wanakufa.

Mwiko Mrefu
Wanakufa, dada, lakini sumu ya kutapisha waliyokwisha kuiacha haiharibiki kwa kupashwa moto.

Shuka Nyeupe
Mimi niko hausikipingi. Ripoti iwe kurasa ngapi?

Dafu la Kisauni
Fuata mwongozo wa chuo chako. Hapa tuko jikoni.

Pilipili Manga
Mmesahau kipimajoto. Kama kinadanganya, jedwali lote ni bure. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, zamisha ncha isiguse kikombe, ngoja isome 0. Ukikijaribu kwenye maji yanayochemka, hapa Mombasa tuko usawa wa bahari, kisome karibu 100. Usinakili ripoti ya mwenzako wa Nairobi: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Halafu, wali uliokwisha kutolewa kwenye bafe usipozwe. Utupwe.

Mama Chapo
Hata kama ulikaa juu ya nyuzi 60 muda wote? Trei nzima ya wali wa nazi?

Mwiko Mrefu
Mikono na vijiko vya wageni vimepita humo, joto halifuti hayo. Ila wako mashefu wanaoruhusu uliwe na wafanyakazi papo hapo. Andika kanuni ya jiko ulilokuwa, pamoja na sababu uliyopewa.

Pilipili Manga
Hata wafanyakazi wapikiwe chao. Mimi nasema utupwe.