Ulinganisho: kusamehe folda nzima, kusamehe faili moja, au kununua antivairasi nyingine?

MhasibuIsevya aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla hapa Tabora, na tuna kompyuta tano. Tangu Jumatatu antivairasi inaizuia programu yetu ya mauzo, na risiti hazitoki. Kijana wa Mwanza aliyetutengenezea programu hiyo amenieleza kwa simu kwamba nizime antivairasi au niisamehe folda nzima ya programu, yaani niiagize antivairasi isiichunguze. Mwenye duka, kwa upande wake, yuko tayari kununua antivairasi ya kulipia iwapo itamaliza tatizo. Jumamosi tunahesabu mali, kwa hiyo ninahitaji kuamua kabla ya siku hiyo. Ninyi mngechagua lipi?

FundiNzega alijibu:

Ndugu mhasibu, hujatupa cha kulinganisha. Ni antivairasi gani? Imelitaja tishio kwa jina gani? Imezuia faili ipi hasa, na faili hiyo inakaa kwenye folda ipi? Je, kompyuta zote tano zimeathirika? Programu ilibadilishwa lini kwa mara ya mwisho? Bila majibu hayo kila mtu atakushauri kile anachokipenda yeye.

Kaliua_Stoo alijibu:

Nunueni ya kulipia. Mimi hutumia ya kulipia mwaka wa nne sasa kwenye stoo ya pembejeo na sijawahi kusumbuliwa. Ile inayokuja na Windows hukamata kila kitu kisicho na jina kubwa.

MhasibuIsevya aliandika:

Samahani, ndugu Fundi, nilipaswa kuyaeleza hayo mwanzoni. Antivairasi ni ile ile ya Windows, yaani Microsoft Defender. Programu yote iko kwenye `C:\Ghala`, na kumbukumbu za mauzo ziko `C:\Ghala\Data`. Programu kuu, `Ghala.exe`, inafunguka vizuri. Inayozuiwa ni `Risiti.exe`, ambayo huchukua mauzo na kuyapeleka kwenye mashine ya EFD. Jina la tishio lililoandikwa ni `Trojan:Win32/Wacatac.B!ml`. Jumapili kijana yule alitutumia toleo jipya la `Risiti.exe` kwa WhatsApp, likiwa ndani ya zipu, na zipu hiyo bado ninayo. Kompyuta nne zimezuia, lakini ile ya ghalani haijatoa onyo lolote.

FundiNzega alijibu:

Sasa tunaelewana. Herufi `!ml` mwishoni mwa jina hilo zinaonyesha kwamba uamuzi umetokana na makisio ya mashine, iliyoona faili inafanana na zile mbaya. Faili mpya, isiyo na sahihi ya kidijitali na inayotumiwa na maduka machache, huangukia humo mara nyingi. Hilo halithibitishi kuwa faili ni salama, ila linafanya kosa la antivairasi liwe jambo la kufikirika.

Ushauri wangu ni kusamehe prosesi, yaani programu inapokuwa inafanya kazi, badala ya folda. Fungua orodha ya Exclusions, chagua Process, andika `Risiti.exe`, na kazi imekwisha.

BintiUjiji alijibu:

Kabla hujaandika msamaha wowote, kaka mhasibu, naomba usome yaliyotupata sisi hapa Kigoma.

Tulikuwa na programu ya stoo ya dagaa na mafuta ya mawese, nayo ilikuwa nzito kwa sababu antivairasi ilichunguza kila kumbukumbu iliyoandikwa. Fundi mmoja akaisamehe folda yote ya programu, pamoja na kila kilichokuwa chini yake. Programu ikawa nyepesi, tukafurahi, na tukasahau kabisa kwamba msamaha ule upo. Folda hiyo ilikuwa imeshirikishwa kwenye mtandao wa ofisi ili kompyuta tatu zisome kumbukumbu zilezile, na kwa kuwa kila mtu aliweza kuifikia, watumishi wakaanza kuitumia kupitishia nyaraka zao: barua, picha, orodha za mizigo, na hatimaye vitu vilivyotoka kwenye flashi za watu wa nje.

Asubuhi moja mafaili yote ya kumbukumbu yalikuwa yamebadilishwa majina na hayafunguki. Mtaalamu aliyekuja baadaye alituonyesha kwamba programu iliyoyafunga mafaili yale ilikuwa imekaa ndani ya folda hiyohiyo kwa siku kadhaa. Ukaguzi wa kila wiki uliipita bila kuigusa, kwa sababu sisi wenyewe ndio tulioagiza folda isichunguzwe. Tuliingiza upya mauzo ya miezi minne kutoka kwenye vitabu vya risiti, na mimi ndiye niliyekaa na vitabu vile hadi usiku. Ndiyo maana nikisikia mtu anaambiwa asamehe folda nzima, siwezi kunyamaza.

Ndugu_Gungu alijibu:

Pole sana, dada. Yaliyokupata ndiyo hoja yenyewe, na nitaanzia hapo.

Folda inayotengenezwa moja kwa moja chini ya `C:\` kwa kawaida hurithi ruhusa inayomwezesha kila mtumiaji wa kompyuta kuandika ndani yake. Mhasibu, andika `icacls C:\Ghala`, na huenda ukaona mstari wa Authenticated Users wenye herufi `M`, maana yake ruhusa ya kubadilisha. Ukiisamehe folda ya namna hiyo, umeweka chumba kisicho na mlinzi ambacho mlango wake uko wazi kwa wote, na programu mbaya iliyoingia kwa akaunti ya karani wa kawaida inaweza kujihifadhi humo bila kuhitaji nenosiri la msimamizi.

Kwa heshima, ndugu Fundi, pendekezo la prosesi ni sahihi kwa tatizo jingine. Msamaha wa prosesi husamehe mafaili ambayo prosesi hiyo inayafungua, nao hauisamehi programu yenyewe. Ungemsaidia dada wa Ujiji, ambaye programu yake ilikuwa nzito kwa sababu ya kumbukumbu zake. Kwa mhasibu, `Risiti.exe` ingeendelea kukamatwa vilevile. Tena, ukiandika jina tupu bila njia kamili, faili yoyote itakayojiita `Risiti.exe`, hata ikiwa kwenye Downloads, itapata haki hiyo.

Mimi ningesamehe faili moja, kwa njia yake kamili, ndani ya folda ambayo makarani hawawezi kuiandikia. Mwombe kijana wa Mwanza aelekeze programu zikae `C:\Program Files\Ghala`, na kumbukumbu zibaki `C:\Ghala\Data`. Kisha mwombe akusomee kwa simu alama ya SHA-256 ya `Risiti.exe` iliyoko kwenye kompyuta yake mwenyewe, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Usikubali aitume kwa WhatsApp ileile iliyoleta faili, kwa sababu aliyeweza kubadilisha faili angeweza kubadilisha na alama. Baada ya hapo fungua PowerShell kama msimamizi, nenda kwa `cd` kwenye folda yenye zipu, andika msamaha kwanza, kisha ndipo uitoe faili kwenye zipu. Ukianza na zipu, faili itakamatwa kabla hujaipima.

```
Add-MpPreference -ExclusionPath "C:\Program Files\Ghala\Risiti.exe"
Expand-Archive .\Risiti.zip "C:\Program Files\Ghala" -Force
Get-FileHash "C:\Program Files\Ghala\Risiti.exe"
```

Usiifungue programu bado. Linganisha alama herufi kwa herufi, na zikitofautiana hata kwa moja, futa faili na uondoe msamaha kwa `Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\Program Files\Ghala\Risiti.exe"`. Angalia pia kwamba neno la kwanza ni `Add`, kwa sababu ukiandika `Set` utafuta misamaha mingine iliyokuwepo.

Jaribio la mwisho ni kuweka faili ya majaribio ya EICAR, ambayo haina madhara na antivairasi hukubaliana kuikamata, ndani ya `C:\Program Files\Ghala`. Ikikamatwa, msamaha wako umebaki kwenye faili moja. Ikiachwa, umesamehe zaidi ya ulivyokusudia.

FundiNzega alijibu:

Nimekubali kuhusu prosesi, nilichanganya. Lakini hata msamaha wa faili hufuata njia na jina, haufuati yaliyomo. Toleo lijalo likiwa na kasoro, litapita bila kuulizwa.

Ndugu_Gungu alijibu:

Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuihamishia Program Files na ya kupima alama kila toleo jipya linapokuja. Hayo yote hayana maana ikiwa makarani wanafanya kazi kwa akaunti za msimamizi. Msamaha wenyewe uwe wa muda. Kijana aiwasilishe faili Microsoft kupitia `https://www.microsoft.com/wdsi/filesubmission` akieleza kuwa imekamatwa kimakosa. Wakirekebisha, utaendesha `Update-MpSignature`, utaondoa msamaha, na utaona kama programu inafanya kazi bila huo.

Mama_Urambo aliandika:

Naomba kuuliza hapohapo. Programu yangu ya mishahara inakataa kuhifadhi kwenye Documents. Nimeisamehe kwenye Exclusions mara mbili, na bado inakataa.

Ndugu_Gungu alijibu:

Mama, hilo linaelekea kuwa ni Controlled folder access, ambayo ni kinga nyingine yenye orodha yake. Tazama Protection history. Ukiona imetajwa huko, iruhusu programu hiyo peke yake katika Allow an app through Controlled folder access, kisha ufute ile misamaha miwili, kwa kuwa haikusaidii na inakupunguzia ulinzi.

Kaliua_Stoo alijibu:

Bado ninasema ya kulipia ingewaondolea mzunguko huu wote. Na kijana akinunua cheti cha kuwekea sahihi programu zake, mjadala umefungwa.

FundiNzega alijibu:

Ndugu Kaliua, antivairasi ya kulipia nayo inaweza kuikamata faili ileile kesho, na mhasibu atarudi kwenye swali lilelile la upana wa msamaha. Kuhusu cheti ninakuunga mkono, ingawa gharama yake kwa kijana mwenye wateja wachache si ndogo.

Ndugu_Gungu alijibu:

Sahihi inasaidia, lakini faili yenye sahihi bado inaweza kukamatwa. Faida yake kubwa ni kwamba mhasibu angeweza kutambua imetoka kwa nani bila kupiga simu Mwanza.

MhasibuIsevya aliandika:

Nimefanya kama mlivyoelekeza kwenye kompyuta nne. Alama zililingana na aliyonisomea kijana, EICAR ilikamatwa ndani ya folda, na risiti zimeanza kutoka tangu saa nane mchana.

Kompyuta ya ghalani ndiyo inayonitia wasiwasi. Alama ya `Risiti.exe` iliyoko huko ni tofauti kabisa. Kijana anasema huenda ni toleo la mwezi uliopita, lakini hakuhifadhi nakala yake ili tulinganishe.

Ndugu_Gungu alijibu:

Usiandike msamaha wowote kwenye kompyuta hiyo. Endesha `Get-MpComputerStatus` na utuambie mstari wa `RealTimeProtectionEnabled` unasema nini.

MhasibuIsevya aliandika:

Unasema `False`. Mtunza ghala amenieleza kwamba aliizima Jumatatu baada ya kupigiwa simu na kijana wa programu.

BintiUjiji alijibu:

Kaka, itoe kwenye mtandao sasa hivi, hata kama Jumamosi mtahesabu mali kwa daftari.

Ndugu_Gungu alijibu:

Nakubaliana na dada. Kabla ya kuchomoa waya, endesha `Update-MpSignature`. Kisha washa ulinzi, fanya ukaguzi kamili, na uangalie kama `Get-MpPreference` inaonyesha misamaha ambayo hukuiandika wewe. Ile faili usiifute kwanza, kwa sababu kijana akipata nakala ya toleo la zamani kwa mteja wake mwingine, alama yake itatuambia kama ni ileile.

MhasibuIsevya aliandika:

Nimeichomoa, na ukaguzi umefika nusu. Kijana ameahidi kumtafuta mteja wake wa Shinyanga kesho asubuhi.