Advansi zinanimaliza bekarini, nisaidieni sera

Mkate_Moto: Hamjambo wakuu. Nasimamia bekari hapa Mombasa, wafanyakazi 14. Kila ifikapo tarehe 13 au 14 foleni ya advansi mlangoni. Mwisho wa mwezi mtu anapokea vijisenti, wiki ya pili karudi. Nataka kuandika sera: kikomo, namna ya kukata, na dawa ya huu uraibu. Tajiri yuko Maskati, anaitaka kufikia Ijumaa.

Babu_Kilindini: Zamani hatukujua advansi. Ukiishiwa, unakula muhogo na pilipili, unangoja. Vijana mnapenda simu kubwa.

Bi_Hesabu: Mkate, mtu mmoja kwanza. Nani anakopa sana, na kiasi gani?

Mkate_Moto: Mkandaji unga. Daftari lina alama za vidole vyake vya unga: tarehe 14, tarehe 13, tarehe 14, kila mara 8,000. Mshahara wake 24,000.

Bi_Hesabu: Tarehe ile ile, kiasi kile kile, miezi mitatu. Hiyo si dharura, ni mshahara unaokatikia njiani. NSSF, SHIF na ya nyumba zikitoka, anabaki na 21,540. Ukikata 8,000, anaondoka na 13,540, na mwezi mpya anauanza na shimo lile lile. Ukimfungia advansi ghafla, ataenda kwa mkopo wa simu.
Igeuze ile 8,000 iwe mkopo mmoja, 2,000 kwa miezi minne, kwa maandishi na sahihi. Halafu mshahara ulipe mara mbili kwa mwezi, nusu tarehe 15. Advansi ibaki kwa maradhi na matanga, isizidi nusu ya alichokwisha kukifanyia kazi siku hiyo.

Shangazi_Likoni: Mimi nilimkopesha dada wa kazi 5,000 za karo, akaenda likizo Kilifi. Mwaka wa pili huu.

Wakili_wa_Mtaa: Sheria iko wazi, usikate zaidi ya theluthi moja.

Bi_Hesabu: Umeigeuza, kaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19: makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na mkopo wa mwajiri una kikomo chake ndani ya hapo: nusu ya kinachobaki baada ya makato mengine. Kwa mkandaji ni 10,770. Angekuwa anakatwa 3,000 za chama cha akiba, ingeshuka hadi 9,270. Ndiyo maana hesabu ya mkopo hufanywa mwisho.

Mkate_Moto: Mwezi uliopita nilimkata 16,000 zote mara moja. Alikuwa amerudia advansi. Jumatatu alikuja kwa miguu kutoka kivuko.

Bi_Hesabu: Ulipitiliza kwa 5,230. Mrudishie, kisha mpangie upya. Alitia sahihi?

Mkate_Moto: Daftari tu. Tulikubaliana kwa mdomo.

Wakili_wa_Mtaa: Akiacha kazi utazifuata wapi?

Bi_Hesabu: Kwenye malipo yake ya mwisho, kama karatasi ipo. Kama haipo, jiandae kubishana. Mkate, deni lote la wafanyakazi ni ngapi?

Mkate_Moto: 262,000.

Bi_Hesabu: Watu 14 wa mishahara hiyo, kwa advansi za 8,000? Haifiki hapo. Nani mwenye kubwa?

Mkate_Moto: Unga umefika, narudi.

Mkate_Moto: Haya. 180,000 ni zangu. Kiwanja Mtwapa. Tajiri ni mjomba wangu, alikubali kwa simu. Si wizi. Kwenye rasimu nimeandika wasimamizi walipe kwa miezi 36, wengine mitatu. Wasimamizi wana majukumu.

Shangazi_Likoni: Majukumu gani, ya kiwanja?

Babu_Kilindini: Muhogo na pilipili ungekutosha.

Pweza_Mkavu: Nilishasoma kisa hiki. Mwaka jana kilikuwa duka la simiti Kisauni, na mjomba alikuwa Dubai. Mtunzi huyu. Weka picha ya daftari.

Mkate_Moto: Lina majina ya watu, siwezi.

Wakili_wa_Mtaa: Mimi pia naona kama hadithi. Nani anaweka hesabu ya deni lake mwenyewe?

Bi_Hesabu: Wengi, Wakili. Hilo ndilo linaloniaminisha. Mkate, kikomo kiwe kimoja kwa wote, kama mshahara wa miezi miwili. Deni lako lililozidi hapo, mjomba aliandikie mwenyewe, na anayekata makato yako asiwe wewe. Mshahara wako ni ngapi, tukupigie nusu yako?

Mkate_Moto: Narudi. Lori la unga.

Pweza_Mkavu: Bekari hii, kila msimamizi akibanwa, unga hufika.