Mdogo wangu kaandika "siwezi kuendelea tena", nimjibu nini?

DadaMkubwa: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu yuko Tunduma, ana miaka 24, anaendesha bodaboda ya mkataba. Saa 2 usiku huu kaniandikia: "Dada nimechoka, siwezi kuendelea tena." Nikamjibu avumilie, Mungu yupo. Kasoma, kimya. Niandike nini nisimuudhi? Jumamosi napanda basi nikamwone.

Mkataba_Umeisha: Huyo kachoshwa na hesabu ya kila siku. Mimi nilibakiza wiki tatu pikipiki iwe yangu, tajiri akaichukua. Sikula siku mbili. Amrudishie mwenyewe chombo chake, atapona.

NesiMstaafu: Huenda ni mkataba, huenda ni uhai wake. Ujumbe hausemi, tusikisie. Mpigie, umrudishie maneno yake mwenyewe: "Umesema huwezi kuendelea. Kuendelea na nini, mdogo wangu? Kazi, au kuishi?" Halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka. Kuna kilichobadilika kwake wiki hii?

DadaMkubwa: Hapana. Ila jana kanirudishia elfu themanini za mwaka juzi, wala sikumdai. Na mbwa wake kampa jirani. Sikusema mwanzo, niliona kama namwombea mabaya. Kumtajia kufa si ndiyo kumpa wazo? Bora Jumamosi, ana kwa ana.

Mzee wa Kanisa: Vijana wameacha sala.

Kijiweni: Hii chai. Mdogo wako yuko hivyo, wewe uko jukwaani?

DadaMkubwa: Naogopa atakachojibu. Ndiyo maana niko hapa.

NesiMstaafu: Kijiweni, ikiwa chai, nimepoteza dakika kumi, basi. Dada, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua wakipata wa kumwambia. Kulipa madeni na kugawa vitu, pamoja na ujumbe ule, kunanitia wasiwasi. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Akikubali usimkaripie, wala usimwapie kuwa itabaki siri. Muulize kama ameshapanga, lini, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Akiwa na majibu hayo, Jumamosi ni mbali. Mtu akae naye usiku huu, aviondoe vitu hivyo, wafike hospitali. Asipopokea, usipige mara ya tatu, mtume jirani.

DadaMkubwa: Jirani atatangaza mtaa mzima.

NesiMstaafu: Mwambie jirani kuwa mdogo wako hajisikii vizuri, asimwache peke yake. Inatosha.

Mkataba_Umeisha: Dada, nilijibu haraka. Siku zile mbili mimi pia hakuna aliyeniuliza.

DadaMkubwa: Kapokea. Nimemuuliza kuendelea na nini. Nilisikia feni tu, muda mrefu. Kasema, "Kuishi, dada." Anasema hajapanga, sijui kama nimwamini. Jirani keshafika, wanakwenda hospitali ya wilaya, simu sijakata. Kaniomba mama asijue.

NesiMstaafu: Usimwahidi hilo. Muulize nani mwingine angependa ajue, uanze na huyo.