Tupeane uzoefu: barua kwa mfadhili baada ya vikao vya kusikiliza wananchi

Mwanzisha uzi: Wakuu, nina rekodi za vikao sita kuhusu mahali pa kuchimba kisima. Mfadhili anataka barua ya kurasa mbili: wananchi wamesema nini. Niliandika "wengi wanataka kisima karibu na shule", nikirudia kusikiliza napata mashaka. Waliowahi kuandika barua za hivi, mlifanyaje?

Mpiga Hesabu: Weka asilimia. Wafadhili wanapenda namba, "wengi" haiwaambii kitu.

Kalamu Nyeusi: Namba sawa, asilimia hapana. Hukupiga kura, na waliokaa kimya hukuwauliza. Tena kwenye rekodi ya kikundi, mtu mmoja akirudia hoja yake mara kumi, ukisoma maandishi utadhani ni watu kumi. Mimi huchora jedwali: hoja zinashuka chini, vikao vinaenda pembeni, kwenye kila kisanduku naandika hoja imeletwa na kundi gani na iko dakika ya ngapi. Nikibishiwa, narudi kwenye sauti.

Kwako ingesomeka hivi: "Hoja ya kisima kuwa karibu na shule ilitolewa katika vikao vinne kati ya sita, hasa na wazazi. Katika kikao cha wanawake peke yao ilipingwa, kwa sababu wanaochota alfajiri wanaogopa njia ya vichakani." Hilo la vichakani limetoka kikao kimoja tu, lakini linaweza kuhamisha kisima kizima. Lisifichwe kwenye kiambatisho.

Mama Wawili: Mimi mfadhili alinirudishia risiti kwa sababu hazikuwa na mihuri. Hakikisheni mihuri jamani!

Mwanzisha uzi: Pole dada, hiyo ni ripoti ya fedha. Hapa ni maneno ya watu.

Mpitanjia: Angalia nukuu. Tuliondoa jina tukaandika "mkunga, mwanamke, kikao cha tatu". Mkunga pale alikuwa mmoja. Barua ilivyorudi kijijini, kila mtu akajua nani alimsema mwenyekiti. Siku hizi naandika "mshiriki mmoja", na kama maneno yenyewe yanamtaja, nayaeleza kwa maneno yangu.

Mwanzisha uzi: Na mfadhili akitaka rekodi zenyewe?

Kalamu Nyeusi: Sikiliza dakika za mwanzo za kila kikao. Kama uliwaambia "tunarekodi ili tusisahau", ridhaa yao inaishia hapo. Mpe muhtasari, au rudi ukawaombe upya.

Mpiga Hesabu: Na yale waliyosema kinasa sauti kimezimwa, wakati wa kuagana? Mara nyingi ndipo ukweli unapotoka.

Kalamu Nyeusi: Mimi siyaweki. Mtu alisubiri kizimwe.

Mpitanjia: Mimi nayaweka, bila kikao wala kundi, nikisema wazi hayamo kwenye rekodi. Kuna mwaka yaliachwa, na mradi ukajengwa kwenye ardhi yenye mgogoro ambao kila mtu aliujua.