"Natania tu": ujanja huu wa maofisini umetuchosha

KaraniWaUmoja
Wenzangu, nimejaa hasira. Ofisi moja hapa Eneo la Viwanda, dada amerudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Saa ya chai, mbele ya watu wanane, msimamizi anamwambia: "Kwani ulienda kuzaa au kunoneshwa?" Watu wakacheka. Dada akashika kikombe bila kunywa. Msimamizi alipoona uso umebadilika hakuomba radhi, alisema: "Aa, natania tu, mbona siku hizi huna utani?"

Tazameni alivyogeuza kesi. Swali lilikuwa yeye amesema nini, sasa limekuwa kwa nini dada hacheki. Na waliocheka hawawezi kumtetea, maana wakikiri maneno yalikuwa mabaya, kicheko chao nacho kina kosa. Kufikia jioni dada ndiye anatabasamu kwa nguvu asionekane ana kisirani.

MtotoWaMtaa
Mnakuza mambo. Nairobi tumekulia mchongoano, watu wanachambana hadi nyanya zao, na hakuna aliyekufa.

BarazaNjeYaDuka
Ndugu, mchongoano una masharti. Wawili wameingia kwa hiari, wanapokezana zamu, na chumvi inatiwa mpaka haiaminiki: nyumba yenu ndogo hadi mende wanaingia kwa zamu. Kinachochekesha ni uongo wenyewe. Huyu amechukua jambo la kweli, mwili wa mtu aliyejifungua juzi, na dada hana zamu. Hebu ajibu kuhusu kitambi cha msimamizi tuone kama utani utabaki utani.

PendoK
Kwa hivyo tusitaniane hata na shemeji? Kwetu babu humwita mjukuu "mke wangu" na hakuna anayelia.

BarazaNjeYaDuka
Hapana, dada. Babu naye hujibiwa "mzee wangu umechakaa," na anacheka. Ninayemsema ni yule ambaye hawezi kujibiwa.

La kufanya: mmoja wa waliokuwapo, si lazima mhusika, aulize kwa sauti ya kawaida, "Sijaelewa, hapo kinachochekesha ni nini?" Kisha anyamaze. Msimamizi akitaka kueleza, itambidi ataje mwili wa dada waziwazi, na hapo pa kujificha hapana. Usianze na "umenikosea", atakuambia una hasira.

WakiliWaMatatu
Ashtaki tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6.

BarazaNjeYaDuka
Umekaribia. Cha 6 ni cha unyanyasaji wa kingono. Cha 5 ndicho kinachomkataza mwajiri kumbagua au kumsumbua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia au ujauzito. Kama neno moja la saa ya chai linatosha, hapo mawakili watabishana. Aandike leo hii tarehe, maneno yenyewe neno kwa neno, na waliokuwapo.

KaraniWaUmoja
Asubuhi hii msimamizi amemwita dada pembeni akamwambia, "Samahani kama uliumia." Alimtusi mbele ya wanane, radhi anaiombea kwenye korido, tena na "kama" ndani yake! Dada anauliza aipokee au amwambie airudie saa ya chai. Nami sijui nimjibu nini, maana mkataba wake unaisha mwezi ujao na mwenye kuutia sahihi ni huyo huyo.